Bati la Pwani na Skrubu Yake: Metali Ipi Ikae Karibu na Ipi

Mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza liliifunika manowari yake Alarm kwa bamba nyembamba za shaba, sehemu yote ya tumbo inayokaa majini, ili kuikinga na wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Bamba hizo zilipigiliwa kwa misumari ya chuma. Meli ikaenda visiwa vya Karibi, na ilipokaguliwa mwaka 1763 wakaguzi walikuta jambo la ajabu: shaba yenyewe ilikuwa nzima, lakini bamba nyingi zilikuwa zimebanduka kwa kuwa misumari iliyozishika ilikuwa imelika. Misumari michache tu ilikuwa bado na nguvu. Chini ya vichwa vyake kulikuwa kumenasa vipande vya karatasi ya kaki, karatasi ile ile iliyofungiwa bamba zilipoletwa, na vipande hivyo vilikuwa vimeitenga shaba na chuma.

Betri ya kwanza ya Volta ilikuwa bado kutengenezwa, ingekuja mwaka 1800, kwa hiyo hakuna aliyeweza kueleza kilichotokea. Somo, hata hivyo, lilieleweka: katika maji ya chumvi, chuma kisiguse shaba. Miaka zaidi ya mia mbili na hamsini baadaye, kosa hilo hilo linarudiwa juu ya nyumba kuanzia Lamu hadi Mtwara, ingawa mapaa hayazami baharini. Hewa inatosha.

Mawimbi yanapovunjika kwenye mwamba au ufukweni hurusha matone madogo sana, upepo huyabeba, maji hukauka na chumvi hutua juu ya bati. Chumvi kavu haina madhara makubwa. Tatizo ni kwamba chumvi ya kawaida huanza kuvuta unyevu kutoka hewani na kugeuka maji pale unyevunyevu wa hewa unapofika karibu asilimia 75, na chumvi za magnesi zilizomo katika maji ya bahari hufanya hivyo mapema zaidi, hata kwenye asilimia 33 hivi. Mombasa, Tanga au Zanzibar, unyevu wa usiku hupita asilimia 75 mara kwa mara. Maana yake ni kwamba bati lililotuliwa na chumvi hulowa karibu kila usiku bila tone la mvua, na maji yanayolilowesha ni maji makali ya chumvi, yanayopitisha umeme vizuri kuliko maji ya mvua kwa mbali.

Hali hiyo inapimika. Kiwango cha kimataifa ISO 9223 hugawa mazingira kwa ukali wake, na kipimo kimojawapo ni unene wa zinki unaolika kwa mwaka. Katika mazingira ya wastani, daraja la C3, zinki hupoteza kati ya mikroni 0.7 na 2.1 kwa mwaka. Katika daraja la C5, ambamo fukwe nyingi zenye mawimbi huangukia, hupoteza kati ya mikroni 4.2 na 8.4. Sasa chukua bati zuri la kawaida lenye mpako wa zinki wa alama Z275, yaani gramu 275 kwa mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. Kila upande una zinki ya mikroni 20 hivi. Gawanya, utaona mpako huo unaweza kudumu miaka kumi hadi karibu thelathini katika C3, lakini miaka miwili na nusu hadi mitano tu katika C5. Bati la Z100, lenye mikroni 7 kila upande, linaweza kuisha mpako kabla ya mwaka wa pili. Ndiyo sababu bati lililompa mtu wa bara miaka mingi bila usumbufu linaanza kutoa kutu Jambiani au Diani wakati rangi ya kuta za nyumba bado haijapauka.

Mtu akishaliona hilo, wazo la kwanza ni kununua metali isiyoshika kutu. Hapo ndipo makosa mengi huanzia, kwa sababu paa si metali moja. Ni bati, skrubu, kofia ya mgongoni, gata, riveti, na siku hizi reli za sola na mabomba ya kiyoyozi. Kila kimoja kinaweza kuwa kizuri peke yake na kikaharibu jirani yake.

Metali zinazokaa katika maji ya chumvi zinaweza kupangwa kama ngazi. Chini kabisa iko zinki, juu yake alumini, kisha chuma cha kawaida, kisha shaba, na juu kabisa stenlesi. Metali mbili zikigusana na maji ya chumvi yakaziunganisha, mkondo mdogo wa umeme hupita kati yake: ile ya chini huliwa upesi kuliko ambavyo ingeliwa ikiwa peke yake, na ile ya juu huhifadhiwa. Kadiri zinavyokuwa mbali katika ngazi, ndivyo msukumo unavyokuwa mkubwa. Zinki juu ya bati hutumia kanuni hiyo kwa faida yetu, kwani hujitoa ili chuma kilicho chini yake kisalimike hata kikikwaruzwa kidogo. Kwa msumari wa Alarm kanuni ilikuwa ile ile, ila aliyejitoa ndiye aliyekuwa akishikilia kila kitu.

Hapo linazuka swali ambalo mafundi makini huliuliza, na wana haki. Alumini na stenlesi ziko mbali katika ngazi, tofauti yake katika maji ya bahari ikizidi nusu ya volti. Kwa nini basi wajuzi wa ujenzi wa pwani hupendekeza bati la alumini lifungwe kwa skrubu za stenlesi?

Jibu la kwanza ni ukubwa. Kinachoamua kasi ya ulaji ni uwiano kati ya eneo la metali ya juu na eneo la metali ya chini. Skrubu ndogo ya stenlesi katikati ya bati pana la alumini hutoa mkondo kidogo, na mkondo huo hugawanyika juu ya eneo kubwa. Ukigeuza, uweke riveti ndogo ya alumini katika gata pana la stenlesi, mkondo wote unaotokana na gata hukusanyika kwenye riveti, na riveti hiyo haimalizi muda. Uwiano huu una mpaka wake, na mara nyingi mpaka huo hausemwi. Juu ya paa, tofauti na ndani ya bahari, maji ni utando mwembamba, na mkondo hauwezi kusafiri mbali ndani yake. Alumini inayobeba mzigo ni ile iliyo sentimita chache kuzunguka skrubu, wala si paa zima.

Kwa hiyo jibu la pili lina uzito zaidi: unene. Bati la alumini la milimita 0.7 lina mikroni 700 za metali ile ile kutoka juu hadi chini. Likichimbwa kidogo kuzunguka skrubu, bado ni bati. Bati la chuma lililopakwa mchanganyiko wa alumini na zinki, ambalo madukani huitwa aluzinki, lina mikroni 20 tu za mpako kila upande hata katika alama nzuri ya AZ150. Stenlesi ikiumaliza mpako huo kuzunguka tundu, chini yake kuna chuma tupu, na kutu huanza mahali pabaya kuliko pote, pale maji yanapoweza kupenya ndani. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji wa mabati ya aluzinki hukataza waziwazi skrubu za stenlesi na kutaka skrubu za chuma zenye mpako mzito unaolingana na bati lao. Mwenye nyumba anayenunua aluzinki kisha akaongeza pesa kwa skrubu za stenlesi akidhani anaimarisha paa, anaweza kuwa amelipunguzia umri.

Jibu la tatu ni mpira. Washa ya mpira chini ya kichwa cha skrubu huzuia maji na pia huitenga stenlesi na bati, kazi ile ile iliyofanywa na karatasi ya kaki kwenye Alarm. Ila si kila mpira hutenga. Mpira mweusi hupata weusi wake kwa masizi ya kaboni, na ukiwa na masizi mengi hupitisha umeme. Kaboni iko juu sana katika ngazi ya metali, kwa hiyo washa ya namna hiyo hula bati badala ya kulilinda. Kwa pwani, washa iwe ya aina ambayo mtengenezaji ameandika kwamba haipitishi umeme. Penseli ya fundi ina kasoro hiyo hiyo, maana risasi yake ni grafiti. Mstari uliochorwa kwa penseli juu ya alumini au aluzinki unaweza kuonekana baadaye kama mchirizi ulioliwa, na kalamu ya wino au chaki ya rangi hufanya kazi hiyo bila hasara.

Tuichukue nyumba moja ya mfano, iliyo Jambiani, mita mia moja kutoka ufukweni, paa lake likiwa na pande mbili, kila upande mita 12 kwa mita 6. Jumla ni mita za mraba 144. Likifungwa kwa skrubu saba kwa kila mita ya mraba, litahitaji skrubu karibu 1,000. Mwenye nyumba amechagua alumini ya milimita 0.7, na papi ni za mbao.

Swali la kwanza ni stenlesi ipi. Aina ya 304 ina kromi ya asilimia 18 hivi na nikeli 8, nayo hufaa jikoni na bara. Karibu na bahari hupata madoa ya kahawia na vishimo chini ya kichwa, mahali ambapo chumvi hujificha. Aina ya 316 imeongezwa molibdeni ya asilimia 2 au zaidi kidogo, na nyongeza hiyo ndiyo inayozuia chumvi kutoboa ngozi yake. Kwenye vichwa vya bolti, 304 husomeka A2 na 316 husomeka A4, mara nyingi ikifuatiwa na nambari ya nguvu kama A4-80. Ipo pia aina ya 410, ngumu kiasi cha kujitobolea chuma yenyewe, na huuzwa kwa jina la stenlesi. Hiyo ina kromi kidogo kuliko 304 na karibu haina nikeli, kwa hiyo hutoa kutu pwani. Sumaku huitambua: 410 hunaswa kwa nguvu, ilhali 316 hainaswi au hunaswa kidogo mno. Sumaku haiwezi kutofautisha 304 na 316, hivyo kwa hilo lazima kusoma alama au kudai cheti cha muuzaji.

Kwa papi za mbao, skrubu ya 316 yenye ncha ya mbao inatosha. Kama papi zingekuwa za chuma, 316 isingeweza kujitobolea kwa sababu ni laini mno kwa kazi hiyo. Ingehitajika skrubu ya metali mbili, yenye kichwa na shina la stenlesi na ncha ya chuma kigumu ambayo, ikishatoboa, hubaki upande wa ndani.

Swali la pili ni mbao zenyewe. Mbao nyingi zilizotiwa dawa ya rangi ya kijani zina shaba ndani ya dawa hiyo. Zikilowa, shaba huhamia kwenye alumini inayozilalia na kuitoboa kutoka chini, pasipoonekana. Mbao hizo zikauke kabisa kwanza, kisha kati yake na bati upite ukanda wa plastiki au wa lami. Papi za chuma nazo hudai ukanda huo. Hapa pana kosa ambalo hata watu wenye bidii hulifanya: wanapaka rangi upande wa alumini, kwa kuwa ndio unaoumia, na kuuacha upande wa chuma. Rangi ikipata mkwaruzo mmoja, mkondo wote wa chuma hukusanyika kwenye mkwaruzo ule na kuchimba tundu. Inayopaswa kupakwa kwanza ni metali ya juu katika ngazi, au zote mbili, kamwe isiwe ile ya chini peke yake.

Swali la tatu ni joto, na hili halihusu kutu moja kwa moja, lakini linaamua kama washa itaendelea kuziba. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Bati la mita 6 likitoka nyuzi 25 za alfajiri hadi 65 za jua la utosini hurefuka milimita tano na nusu hivi, ilhali la chuma hurefuka chini ya milimita tatu. Skrubu iliyobanwa katika tundu la ukubwa wake itavutwa huku na huku kila siku mpaka tundu liwe refu na washa ichanike. Kwa hiyo tundu kwenye bati hutobolewa kubwa kuliko shina, milimita 8 au 9 kwa skrubu ya milimita 5.5, kisha washa pana hulifunika. Skrubu hukazwa mpaka mpira uanze tu kuvimba kando ya kichwa. Ukiminywa mpaka utokeze nje, hupasuka jua likiupiga.

Kabla mafundi hawajashuka, vumbi la chuma la drili na grinda lifagiliwe siku hiyo hiyo. Chembe za chuma zilizobaki juu ya alumini hushika kutu ndani ya siku chache, huacha madoa, na kila moja ni metali ya juu iliyokaa juu ya metali ya chini.

Uharibifu mwingi, hata hivyo, huletwa miaka baadaye na watu ambao hawakuwepo paa lilipofungwa. Fundi wa kiyoyozi huacha bomba la maji likidondokea bati. Maji hayo yamepita juu ya mabomba ya shaba na huweza kubeba shaba kidogo, nayo inatosha kutoboa alumini au kumaliza zinki katika mstari ule ule yanapopita. Hapa metali mbili hazijagusana hata kidogo, ila maji yamefanya kazi ya mjumbe. Fundi wa sola hufunga waya tupu wa shaba wa kupeleka umeme ardhini moja kwa moja kwenye reli ya alumini, badala ya kutumia kiungo kilichopakwa bati jeupe. Fundi wa radi hulaza utepe wa shaba juu ya kofia ya paa. Kila mmoja amefanya kazi yake vizuri kwa upande wake, na paa linalipa.

Dalili huonekana mapema kwa anayezijua. Unga mweupe kuzunguka skrubu ni alumini au zinki inayoliwa, na ukiwa kwenye skrubu moja tu kati ya nyingi, huenda washa yake imekufa. Pete nyekundu maana yake zinki imeisha na chuma kimefikiwa. Doa la kahawia juu ya kichwa cha stenlesi peke yake, bila shimo, ni la juujuu na hufutika. Mahali pa kuangalia kwanza ni chini ya upenu na ndani ya baraza, wala si mgongoni. Juu ya paa mvua huosha chumvi. Chini ya upenu upepo huileta na hakuna kinachoiondoa, kwa hiyo skrubu za hapo huanza kuoza mapema ingawa zimekingwa na jua na mvua.

Hilo linatoa ratiba ya kuosha inayofuata pepo zetu. Kaskazi ya Januari na Februari huleta chumvi na joto bila mvua ya kutosha, mpaka masika yaanze. Kusi ya Julai na Agosti huvuma kwa nguvu na mawimbi makubwa, na mvua tena ni chache. Ndoo na mpira wa maji baridi, yasiyo na chumvi, mwishoni mwa kila kipindi hicho, yakielekezwa zaidi chini ya upenu, kwenye gata na nyuma ya paneli za sola, huondoa sehemu kubwa ya mzigo. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvichumvi, na kuosha kwa maji hayo hurudisha kile kinachoondolewa.

Alumini ina hasara zake. Ni ghali, hubonyea mtu akikanyaga katikati ya papi, na chokaa au saruji mbichi huila, kwa hiyo pale inapokutana na ukuta wa mawe na chokaa lazima pawe na lami au ukanda wa plastiki. Kilomita kadhaa kutoka ufukweni, ambako chumvi imeshapungua sana, aluzinki ya AZ150 yenye rangi nzuri na skrubu zilizopakwa za mtengenezaji wake hutosha, na pesa ya ziada haina kazi ya kufanya. Lakini katika mita mia chache za kwanza kutoka ufukweni, alumini ya milimita 0.7 kwa skrubu za 316, washa zisizopitisha umeme na shaba iliyowekwa mbali ndiyo chaguo linalostahili gharama yake, na anayejenga hapo adai yaandikwe kwenye mkataba wa fundi pamoja na alama ya A4, kabla ya bati la kwanza kupanda.